Lengo la mtoto kwenye kikao cha wazazi

"Mwanangu ndiye atakayeongoza kikao chetu na mwalimu. Lengo aliloandika ni 'nitaongeza bidii kwenye hisabati'. Linatosha?"

Halitoshi, maana mwezi ujao hakuna atakayejua kama limetimia. Mwombe afungue jalada lake la kazi, akuonyeshe swali alilokosa na aeleze alikwama wapi. Tuseme ni kutoa sehemu zenye asili tofauti, naye anatoa asili kwa asili. Basi aandike: "Baada ya wiki 4 nitapata maswali 8 kati ya 10 ya aina hii bila msaada," na siku atakazofanya mazoezi.

Wapo wanaosema mzazi anyamaze kabisa kikaoni; wamepatia nusu. Usimjibie mtoto, lakini muulize.