Alama nne za kanuni kukutana na kisa: ninavyosahihisha majibu ya maswali ya visa vya sheria

Miaka yangu ya mwanzo ya kusahihisha nilikuwa naanzia mwisho. Nafungua karatasi, natafuta hitimisho, nikikuta mwanafunzi kasema "hakuna mkataba" wakati mwongozo wangu unasema upo, mkono unakuwa mzito kabla sijasoma mstari wa pili. Mwenzangu aliyerudia kusahihisha rundo moja la karatasi hizo aliniwekea mbili mezani. Nilikuwa nimempa alama kubwa aliyebahatisha hitimisho, na alama ndogo aliyepambana na kisa hadi mwisho akaangukia upande mwingine. Sikuwa na la kujibu. Tangu siku hiyo hitimisho nalisoma mwisho, na ndilo lenye alama chache kuliko yote.

Niwaonyeshe kwa swali moja ambalo nalipenda kwa sababu ni fupi. Jumatatu Neema anamwandikia Baraka: "Nakuuzia jenereta yangu kwa bei tuliyoizungumza." Jumanne asubuhi Baraka anajibu: "Ungekubali nilipe kwa awamu mbili?" Neema hajibu. Jioni anamuuzia Rehema jenereta ile ile, na hamwambii Baraka kitu. Jumatano Baraka anaandika: "Nimekubali, nalipa zote kwa mkupuo." Mshauri Baraka.

Hoja zipo mbili. Je, swali la Baraka kuhusu awamu liliua ofa? Na kama halikuiua, je, kumuuzia Rehema kimya kimya kuliiondoa? Kila hoja naipa alama 10: kuitambua hoja 2, kanuni 3, kuitumia kanuni kwenye kisa 4, hitimisho 1. Mgawanyo huu ni wangu, wengine wana wao, lakini sehemu ya kuitumia kanuni isizidiwe na nyingine yoyote.

Kabla ya kugusa karatasi ya kwanza nalichukua swali lenyewe na kupigia mstari kila tukio lenye uzito, nikilipa namba. Hapa ninayo matano: neno "ungekubali", awamu mbili, ukimya wa Neema, mauzo kwa Rehema bila taarifa, na ujumbe wa Jumatano. Ninaposoma jibu naandika namba hiyo pembeni kila tukio linapotumika. Nasema linapotumika, si linapotajwa, na hapo ndipo kazi yote ya msahihishaji ilipo.

Hili hapa jibu la aina ninayokutana nayo kila mara:

"Ofa mbadala huua ofa ya awali, kama ilivyoamuliwa katika Hyde dhidi ya Wrench. Katika kisa hiki Baraka aliuliza kuhusu kulipa kwa awamu. Hivyo basi ofa ilikufa na hakuna mkataba."

Linasomeka vizuri, na kwa jicho lililochoka lina kila kitu. Lakini itazameni sentensi ya pili. Imenakili swali tu. Kati yake na "hivyo basi" hakuna daraja: mwandishi hajasema kwa nini kuuliza ni sawa na kutoa ofa mbadala. Katika Hyde dhidi ya Wrench ya mwaka 1840, muuzaji alitaka pauni 1,000 kwa shamba lake, mnunuzi akasema atatoa 950, akakataliwa, kisha akarudi kuikubali ile 1,000. Alikuwa amechelewa, kwa sababu kutaja bei yake mwenyewe kulikuwa kuikataa ya kwanza. Baraka hakutaja sharti lake. Aliuliza. Jibu hili nalipa hoja 1, kwa kuwa limeigusa bila kuiuliza, kanuni 2, matumizi 1 kwa kuchagua tukio sahihi, na hitimisho 1 kwa sababu linafuatana na alichosema. Jumla 5.

Sasa jibu la pili:

"Baraka hakusema atalipa kwa awamu, aliuliza kama ingewezekana. Neno 'ungekubali' linaacha ofa ya Neema ilivyo, tofauti na mnunuzi wa Hyde aliyeweka bei yake. Kisa hiki kinafanana zaidi na Stevenson dhidi ya McLean, ambapo mnunuzi wa chuma aliuliza kama anaweza kupewa muda na mahakama ikaona hakuikataa ofa. Neema anaweza kudai kuwa namna ya kulipa ni jambo kubwa, lakini ukubwa wa jambo haugeuzi swali kuwa kukataa."

Hapa namba 1 na 2 zote zimefungwa kwenye kanuni, na upande wa pili umesikilizwa. Matumizi 4 kamili. Angalieni pia kwamba hakuandika popote "hoja ni hii" wala "kanuni ni hii". Hoja iko ndani ya mabishano yenyewe, nami nampa alama zake. Vichwa vinne vya habari vinanisaidia mimi kusahihisha haraka, lakini mwanafunzi asiyeviweka hajakosa kitu.

Kipimo changu cha haraka ninapositasita ni hiki: naifuta kichwani ile sentensi yenye matukio ya kisa, kisha nasoma kilichobaki. Kama jibu halijapungukiwa kitu, sentensi ile ilikuwa nakala ya swali. Kama mantiki imekatika, palikuwa na kazi.

Jibu linalonitesa zaidi ni la yule aliyekosea kanuni akaitumia vizuri. Anaandika kwamba swali lolote kuhusu masharti huua ofa, kisha anaonyesha kwa uangalifu kuwa ujumbe wa Jumanne ulihusu sharti la malipo, kwamba Neema hakuwa na wajibu wa kuujibu, na kwamba ujumbe wa Jumatano kwa hiyo ulikuwa ofa mpya ya Baraka ambayo Neema hakuikubali. Zamani ningemkata kila mahali. Sasa kosa la kanuni nalitoza mara moja, pale penye kanuni: 1 kati ya 3. Matumizi nampa 3, na hitimisho 1 kwa sababu limetoka kwenye hoja zake mwenyewe. Simfikishi 4 kwa kuwa kanuni yake pana ilimfanya alipite neno "ungekubali" bila kulitazama.

Hoja ya pili huwa haichukui muda, kwa kuwa wengi hawaifikii. Aliyeamua kuwa ofa ilikufa Jumanne huona amemaliza. Nategemea aandike "hata kama nimekosea hapo juu" aendelee na Rehema, maana anamshauri Baraka na mahakama inaweza isikubaliane naye. Kanuni ni ya Byrne dhidi ya Van Tienhoven, 1880: kuondoa ofa hakuna nguvu mpaka taarifa imfikie aliyepewa. Alama zinakaa kwenye jambo moja dogo, kwamba swali halisemi popote kuwa Baraka alisikia habari za mauzo, iwe kwa Neema au kwa mtu mwingine. Anayeandika "Neema alishauza, kwa hiyo ofa haikuwepo" amechanganya kuuza na kutaarifu. Huyo simwandikii "fafanua zaidi", maneno yasiyomsaidia mtu. Namwandikia pembeni: "Jumatano asubuhi Baraka alijuaje?"