Tabaka gumu chini ya plau: ripa au mbaazi?

"Nimeazima penetromita, fimbo yenye mshale wa kupima ugumu wa udongo. Shamba langu la Chanika limelimwa na trekta miaka mingi, mahindi yanadumaa. Nipasue kwa ripa, jembe la trekta la kupasua chini, au nipande mbaazi yenye mizizi mirefu?"

Ndugu, usipime sasa kama udongo umekauka, maana mkavu wote husoma mgumu. Subiri siku moja au mbili baada ya mvua kubwa, kisha sukuma fimbo polepole kwa mwendo uleule. Andika kina ambapo mshale unavuka psi 300, hapo mizizi mingi hukwama, na kina ambapo unashuka tena. Ikigonga jiwe, hamia pembeni.

Tuseme mshale unavuka kwenye sentimita 18 na kushuka kwenye 27: hilo ni tabaka la plau. Usiposhuka kabisa, ugumu huenda ni wa asili na ripa haitausaidia sana.

Likijitokeza karibu kila unapochoma, pasua hadi sentimita 30 hivi, udongo ukiwa mkavu. Ukiwa na unyevu, ripa hukata mfereji tu bila kuvunja. Kisha panda mbaazi msimu huohuo, kwani udongo wa kichanga hushikana upesi trekta likirudi.

Likiwa la hapa na pale, mbaazi peke yake inatosha, ila ipe misimu kadhaa.