Kuchagua shina la muhogo la kukata mbegu kwa kulinganisha picha za majani

Kila mvua za vuli zinapokaribia, ndugu na jamaa wenye mashamba Chanika, Mbagala na Kigamboni hunitumia picha za majani ya mihogo wakiniuliza swali moja: kati ya mashina haya, lipi lina afya zaidi, tulikatie mbegu? Swali hilo lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa kuwa muhogo hupandwa kwa pingili, na ugonjwa uliomo ndani ya shina mama huhamia shamba jipya pamoja na pingili yenyewe. Magonjwa mawili ya virusi yanayosumbua sana ukanda wetu wa pwani, yaani batobato na michirizi ya kahawia, husafiri mbali kwa njia hiyo hasa, na kisha nzi weupe huyaeneza kutoka shina hadi shina ndani ya shamba na kwa majirani.

Mtu anapopanga picha nne au tano mbele yake, jicho hukimbilia jani lenye kijani kilichokolea na kulipa ushindi. Mimi humshauri asianze na kijani. Rangi kwenye picha ya simu hutegemea mwanga kuliko inavyotegemea afya ya mmea: jani lililopigwa saa saba mchana kwenye jua la Dar es Salaam hupauka na kung'aa, na jani lilelile likipigwa chini ya kivuli cha mwembe hutoka likiwa zito na la kupendeza. Dawa yake ni rahisi. Weka karatasi nyeupe nyuma ya kila jani kabla ya kupiga picha, na upige asubuhi, au ulitie jani kivuli kwa mwili wako. Ukishapata picha zote, tazama karatasi kwanza. Ikiwa kwenye picha moja karatasi imekuwa ya manjano na kwenye nyingine imekuwa na ubuluu, picha hizo hazilinganishiki kwa ukolezi wa rangi, na unabaki na kigezo chenye nguvu zaidi, ambacho ni mpangilio wa rangi juu ya jani na umbo la jani lenyewe. Mwanga hauwezi kuchora mabaka upande mmoja wa mshipa na kuacha upande wa pili, wala hauwezi kupinda jani.

Jambo la pili ni umri wa jani. Jani changa la kileleni na jani lililokomaa la chini hazina haki ya kushindanishwa, kwa sababu kila moja hubeba habari yake. Batobato huonekana wazi kwenye majani machanga: mabaka ya manjano au kijani mpauko yaliyochanganyika na kijani cha kawaida, na vidole vya jani vikiwa vimejikunja, vimepungua ukubwa au havilingani kulia na kushoto. Michirizi ya kahawia huenda kinyume chake. Kwa kawaida hujionyesha kwenye majani yaliyokomaa, chini na katikati ya shina, huku kilele kikibaki kijani na kizuri kabisa. Kwa hiyo picha ya kilele peke yake inaweza kukuonyesha shina lisilo na batobato, lakini kuhusu michirizi haikuambii karibu chochote. Ndiyo maana kwa kila shina huomba picha nne: shina zima kutoka hatua chache, jani la kileleni lililokwisha kufunguka vizuri, jani la chini ambalo bado limeshikilia, na sehemu ya shina iliyo changa na ya kijani.

Hivi karibuni binti wa kaka yangu, mwenye shamba dogo Chanika, aliniletea picha za mashina manne.

"Shikamoo shangazi. La kwanza ndilo zuri, eti? Tazama kijani chake."

"Marahaba mwanangu. La kwanza umenionyesha kichwa tu. Nipatie na jani la chini, halafu tuyatazame yote kwa pamoja."

Shina la kwanza lilikuwa na jani la kileleni lenye kijani kizito, vidole saba vilivyonyooka na kikonyo kirefu. La pili lilikuwa na majani yaliyopauka kiasi, juu hadi chini, ila mpauko huo ulikuwa sawasawa kwenye jani zima. La tatu lilikuwa na majani madogo ya kileleni, yenye mabaka, na vidole viwili upande mmoja vikiwa vimejipinda kuelekea ndani. La nne lilikuwa kijani cha wastani, lakini majani yake ya juu yalikuwa madogo mno kulinganisha na yale ya katikati.

La tatu halikuhitaji mjadala. Hata hivyo, kabla ya kulihukumu shina kwa mabaka peke yake, ikuze picha, kwa sababu utitiri wa kijani nao huyaharibu majani machanga ya muhogo, hasa wakati wa kiangazi. Alama za utitiri ni vidoa vidogo sana vya mpauko, kama vilivyochomwa kwa ncha ya sindano, vilivyotapakaa bila mpaka, na mashambulizi yakizidi jani huwa jembamba. Mabaka ya batobato ni makubwa zaidi, yana kingo unazoweza kuzifuata kwa kidole, na mahali lilipo baka la mpauko ndipo jani huvutwa na kukunjika, kwa kuwa sehemu hiyo imekua polepole kuliko sehemu ya kijani iliyo jirani yake. Jani la shina la tatu lilikuwa limekunjika palepale penye mabaka, na hilo lilinitosha.

La nne lilihitaji swali. Nilimwuliza kama kuna mtu anayechuma kisamvu kwenye shina hilo, naye akasema jirani yao huchuma mara kwa mara kwa ruhusa yao. Shina linalochumwa kisamvu hutoa machipukizi mapya ya pembeni, na majani yake huwa madogo kwa muda, ingawa ni masafi. Udogo wa jani bila mabaka wala kujikunja si dalili ya ugonjwa. Kwenye mtaa ambao kila mtu anapenda kisamvu, swali hili lisipoulizwa, mashina mengi mazima yatakataliwa bure.

Picha ya jani la chini la shina la kwanza ilipofika ndipo hukumu ilipogeuka. Lilikuwa na umanjano ulioanzia kwenye mishipa midogo na kusambaa pembeni yake kama unyoya, na sehemu nyingine ukiwa umeungana kuwa madoa yasiyo na kingo kamili. Umbo la jani lilikuwa halijaharibika hata kidogo. Hapa watu wengi hujiambia kwamba jani la chini limezeeka tu, na ni kweli kwamba jani la muhogo likizeeka huwa la manjano na kuanguka. Lakini jani linalozeeka huwa la manjano kwa jumla, kwa upole, bila kuchagua mishipa. Upungufu wa naitrojeni nao hupausha jani zima kwa usawa. Upungufu wa magnesi huleta umanjano kati ya mishipa huku mishipa yenyewe ikibaki kijani. Kwa hiyo unapokuza picha ya jani la chini, jiulize umanjano umeanzia wapi: ukianzia kwenye mshipa wenyewe, shuku michirizi, ukianzia katikati ya mishipa, shuku udongo. Kwa ndugu zangu wa Kigamboni wenye ardhi ya matumbawe niongeze kwamba majani machanga yakiwa ya manjano yote, mishipa ikiwa kijani na umbo likiwa kamili, mara nyingi mmea umekosa madini ya chuma kwa sababu ya chokaa iliyomo udongoni, na hiyo si batobato.

Nikamwomba binti apige tena picha ya sehemu changa ya shina lile la kwanza, kwa karibu. Kulikuwa na michirizi mifupi ya rangi ya kahawia juu ya ganda la kijani. Dalili mbili za sehemu mbili tofauti za mmea mmoja zikikubaliana, uamuzi huwa na miguu miwili ya kusimamia, na shina lililoonekana bora kuliko yote likawa la kukataliwa kwa mbegu.

Likabaki la pili, lile lililopauka. Karatasi yake nyeupe kwenye picha ilikuwa imeungua kwa mwanga, maana yake mpauko ulitokana na jua la mchana angalau kwa sehemu. Majani ya juu na ya chini yalikuwa ya rangi moja, vidole vililingana pande zote mbili, mishipa haikuwa na umanjano, na ganda la shina lilikuwa safi. Nikalipa nafasi ya kwanza, la nne nikalipa nafasi ya pili, na nikasema wazi kwamba la pili huenda lina njaa kidogo ya mbolea, ambayo samadi itaitibu, wakati virusi havina tiba shambani.

Picha zina mipaka, na mipaka hiyo ielezwe kabla mtu hajashika panga. Shina linaweza kuwa na virusi bila dalili yoyote kwenye majani. Wakati wa kiangazi muhogo hudondosha majani yake ya chini, kwa hiyo ushahidi wa michirizi huanguka pamoja nayo na kuacha kilele safi kinachodanganya. Shina la namna hiyo nalihesabu kuwa halijachunguzwa, silihesabu kuwa zima. Aina za mihogo nazo hutofautiana. Kiroba, unaojulikana sana hapa pwani, unaweza kuonyesha dalili za michirizi kwenye majani huku mizizi yake ikiharibika kidogo kuliko ya aina dhaifu, kwa hiyo linganisha mashina ya aina moja inapowezekana. Na kwa kuwa madhara makubwa ya michirizi yako chini ya ardhi, siku ya kuvuna kata mizizi kadhaa ya shina ulilolichagua kwa mkato wa kukingama. Ukikuta madoa makavu ya kahawia ndani ya nyama nyeupe, liondoe kwenye orodha hata kama majani yalikuwa masafi.

Binti alikata pingili za urefu wa sentimita 20 hadi 30 kutoka shina la pili na la nne, akaziweka alama tofauti. Kazi yake iliyobaki ni kupiga picha tena zikichipua, na safari hii aanze na majani yale ya kwanza kabisa kutokeza. Mabaka yakionekana tangu jani la kwanza, batobato ilikuja ndani ya pingili, na chipukizi hilo ling'olewe mapema kabla nzi weupe hawajaibeba. Majani ya kwanza yakiwa masafi na mabaka yakaanza kwa yale yanayofuata juu, ugonjwa umeletwa na nzi weupe kutoka mashina mengine ya karibu, na hapo kosa si la shina alilolichagua.