Barua kwa mwanangu: sala zako za safari ya Dar

"Baba, shikamoo. Ofisini wananipeleka Dar kwa mafunzo. Naondoka Arusha Jumamosi asubuhi, narudi Alhamisi. Nifupishe na kukusanya sala siku zote hizo? Na nikirudi, naanza kusali kamili wapi?"

Marahaba mwanangu. Nakujibu kwa madhehebu ya Shafi, tuliyolelewa nayo hapa Moshi.

Njiani hakuna utata. Arusha hadi Dar ni zaidi ya kilomita 600, na safari ya kufupisha ni marhala mbili, yaani kilomita 80 na kitu. (Ndiyo maana unapokuja huku kutusalimia sikushauri ufupishe. Njia hiyo iko mpakani kabisa, na penye shaka unasali kamili.) Basi likishaacha nyumba za mji wa Arusha, Adhuhuri, Alasiri na Isha zinakuwa rakaa mbili mbili. Alfajiri na Magharibi hazipungui. Nia ya kufupisha uwe nayo pale unapohirimia sala.

Ukifika Dar ndipo mambo yanapobadilika. Msafiri akinuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia wala ya kutoka, safari yake imekatika tangu anapofika. Hesabu zako sasa: Jumamosi unaingia, haihesabiwi. Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano, hizo nne. Alhamisi unatoka, haihesabiwi. Kwa hiyo Isha ya Jumamosi ukiisalia Dar ni rakaa nne, na hukusanyi tena mpaka uondoke. Usidhani unafupisha siku tatu za mwanzo kisha unakamilisha ya nne. Kinachoangaliwa ni nia uliyofika nayo. Ungekuwa unarudi Jumatano, siku zako zingekuwa tatu, na ungefupisha muda wote. Msingi wake ni kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwaruhusu Muhajirina kukaa Makka siku tatu baada ya kumaliza ibada zao, nao walikuwa wamekatazwa kuhamia tena huko. Wanavyuoni wetu wakaona siku tatu bado ni ukaaji wa mpita njia.

Wenzako wa madhehebu ya Hanafi watakuambia siku 15, na wao hawakusanyi sala kwa ajili ya safari. Wana hoja zao, msibishane. Wewe shika njia moja, usichukue wepesi wa huku na wa kule ndani ya safari moja.

Alhamisi basi likishatoka kwenye majengo ya Dar umerudi kuwa msafiri. Adhuhuri itakukuta njiani, na mabasi mengi husimama kwa chakula maeneo ya Korogwe au Mombo. Hapo sali Adhuhuri rakaa mbili, na kabla hujaitoa salamu uwe umenuia kuiunganisha na Alasiri. Kisha kimu, usali Alasiri rakaa mbili bila kukaa kitako kula katikati. Ukikuta msikitini imamu mwenyeji anasali nne, ukimfuata ni lazima ukamilishe nne naye. Kibla kwetu ni kaskazini, lakini kitini kwenye basi hutajua kaskazini ni ipi, basi shuka usali chini kwa kusimama.

Kisha basi litapita Moshi. Najua moyo wako utasema umefika nyumbani, lakini kwa hukumu hii sivyo. Makazi yako sasa ni Arusha, na kupita mji wa wazazi hakukatizi safari. Ukikuta nyumba za Arusha ndipo safari imekwisha. Ukiingia jua bado liko juu na Alasiri ulishaisali njiani, huirudii.

Shida huja kwa anayechelewesha. Tuseme dereva hakusimama, ukanuia, Adhuhuri ikiwa bado haijatoka, kuisali pamoja na Alasiri. Nia hiyo ndiyo inayokuokoa na dhambi. Lakini basi likiingia Arusha hujasali, zote mbili ni rakaa nne nne, na Adhuhuri inakuwa kadha. Vivyo hivyo jua likizama mko njiani: Magharibi unaweza kuichelewesha, ila Isha ukiisalia nyumbani ni nne.

Jambo la mwisho, maana ofisi hubadilisha ratiba. Wakikupunguzia siku ukafika Dar kwa nia ya kukaa mbili tu, halafu wakawa wanakwambia "subiri cheti, labda kesho", na kila siku unatarajia kuondoka, endelea kufupisha hadi siku 18. Wakishakwambia wazi kwamba ni wiki nzima nawe ukakubali, kamilisha kuanzia sala inayofuata.

Baba yako,
Moshi