Pima kila seli: densiti ya asidi, maji na usalama katika betri ya risasi

Watu wengi wanaponiuliza kama betri yao ni nzima huja na jibu la voltimita mkononi, nami huwaambia kwamba namba hiyo haitoshi. Betri ya volti 12 ina seli sita zilizounganishwa mfululizo, kila moja ikitoa volti 2 na ushei, na voltimita inayowekwa kwenye ncha mbili za betri husoma jumla ya seli zote. Seli moja ikiwa mgonjwa na tano zikiwa nzima, jumla inaweza kuonekana ya kuridhisha kabisa. Haidromita, kwa upande wake, huingia katika seli moja moja na kusema hali ya kila mojawapo, na ndiyo maana sikubali kuihukumu betri yenye vizibo vya kufunguliwa kabla sijapima asidi yake.

Kipimo hicho kina mantiki rahisi. Maji yaliyo ndani ya betri ni mchanganyiko wa asidi ya salfuriki na maji. Betri inapotumika, sehemu ya asidi hiyo huungana na risasi ya mabamba na kuwa salfeti ya risasi, nayo maji hubaki mengi zaidi, hivyo mchanganyiko huwa mwepesi. Betri inapochajiwa, salfeti hurudi kuwa asidi na mchanganyiko huwa mzito. Katika betri nyingi, seli iliyojaa chaji husoma karibu 1.265 hadi 1.280, maana yake asidi hiyo ina uzito wa mara 1.265 au zaidi ya maji ya ujazo uleule. Karibu na 1.190 seli imebaki na nusu ya chaji, na ikisoma karibu 1.120 imekwisha. Baadhi ya betri zilizotengenezwa kwa ajili ya maeneo ya joto hujazwa asidi nyepesi kidogo tangu mwanzo, kwa hiyo maelezo ya mtengenezaji yatangulie namba hizi. Betri zilizofungwa kabisa, ambazo asidi yake imenywewa na sufi ya kioo au imegeuzwa kuwa jeli, hazipimwi hivi, wala vizibo vyake havilazimishwi kufunguka.

Kabla ya kufungua chochote, navaa miwani inayofunika macho hata pembeni, glovu za mpira na aproni au nguo nzee ya mikono mirefu. Betri inayochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo ikifikia asilimia 4 tu ya hewa inaweza kulipuka kwa cheche ndogo. Kwa sababu hiyo nazima chaja kwanza ndipo ning'oe waya zake, nafanya kazi mahali penye hewa ya kutosha, na navua pete na saa ya chuma. Iwapo betri imo ndani ya gari, waya wa hasi hutangulia kufunguliwa na huwa wa mwisho kurudishwa, ili spana ikigusa bodi kwa bahati mbaya isizue cheche. Ndoo ya maji safi huwa karibu nami, si chumba cha pili. Kisha nafuta uso wa betri kwa kitambaa chenye unyevu kabla ya kutoa vizibo, kwani vumbi linaloingia kwenye seli halitoki tena.

Haidromita ya kawaida ni mrija wa kioo wenye balbu ya mpira juu na kielezo kinachoelea ndani yake. Minya balbu, zamisha ncha kwenye seli, kisha achia taratibu hadi asidi ya kutosha iingie na kielezo kielee bila kugusa juu, chini wala ubavuni. Vuta na kurudisha asidi mara mbili tatu kabla ya kusoma, ili kielezo kipate joto la asidi hiyo. Shika mrija wima na ulinganishe jicho lako na usawa wa asidi, usisome pale inapopanda kidogo kukizunguka kielezo. Asidi irudi katika seli ileile iliyotoka. Kuihamishia seli jirani ni kuharibu kipimo cha leo na cha siku zote zijazo. Andika namba za seli zote kwa mpangilio, ukianzia upande wa chanya.

Joto nalo lina sehemu yake, kwa kuwa asidi ya moto hutanuka na kusoma nyepesi kuliko ilivyo. Haidromita nyingi zimesawazishwa kwa nyuzijoto 25 au karibu na hapo. Kwa kila nyuzi moja juu ya hiyo, ongeza 0.0007 kwenye usomaji, na kwa kila nyuzi moja chini yake, punguza kiasi hichohicho. Muda wa kupima pia una uzito. Seli iliyotoka kuongezwa maji haipimwi, maana maji hukaa juu ya asidi mpaka chaji itakapotoa mapovu na kuvichanganya. Nami husubiri saa kadhaa baada ya chaji, betri ikiwa imepumzika bila mzigo.

Nitoe mfano wa betri moja ya volti 12 iliyokuwa ikiwasha taa za umeme wa jua. Taa zilikuwa zikififia mapema usiku, na mwenye betri alikwisha kushauriwa aongeze paneli, kwa kuwa betri iliyopumzika ilisoma volti 12.4, na hiyo si namba ya kutisha. Nilipopima seli zake, asidi ikiwa na nyuzijoto 35, tano zilisoma kati ya 1.240 na 1.245, na ya nne ikasoma 1.160. Tofauti ya joto ni nyuzi 10, hivyo niliongeza 0.007 kila mahali: tano zikawa karibu 1.250, ya nne 1.167. Tofauti inayozidi 0.050 kati ya seli za betri moja ni dalili nzito, na hapa tulikuwa na zaidi ya 0.080.

Hata hivyo sikuihukumu papo hapo, kwa sababu seli inaweza kubaki nyuma ya wenzake kwa sababu tu haijapata chaji ya kutosha kwa muda mrefu. Betri iliwekwa kwenye chaja hadi seli tano zikatoa mapovu kwa wingi. Ya nne ilitoa mapovu machache, na ubavu wa betri mahali ilipo ulikuwa na joto zaidi. Ilipopumzika, tano zilifikia 1.265 na ya nne 1.180 tu. Betri ikaachwa siku nzima bila waya wowote: zile tano hazikubadilika kwa kiasi cha kujali, lakini ya nne ilishuka hadi 1.150. Seli inayojimaliza yenyewe namna hiyo, bila mzigo, ina njia ya umeme ndani yake, mara nyingi kwa sababu ya mashapo ya risasi yaliyojaa chini na kuunganisha mabamba, au kizuizi kati ya mabamba kilichotoboka. Voltimita siku hiyo ilisoma karibu volti 12.5.

Unaweza kuthibitisha hesabu hiyo mwenyewe. Volti ya seli iliyopumzika ni takriban densiti yake ukijumlisha 0.845. Seli tano za 1.265 zina volti 2.11 kila moja, jumla 10.55, na ya nne ina karibu 2.00. Upungufu wote wa seli iliyoharibika ulionekana kwenye voltimita kama sehemu moja tu ya kumi ya volti. Usiku, taa zilipowashwa, seli hiyo iliisha kwanza na kuwa mzigo kwa zile nyingine. Paneli ya ziada isingesaidia kitu. Ingezidisha tu chaji ya seli tano zilizokuwa zimejaa na kuzikausha. Kwa kuwa seli za betri ya namna hiyo zimo ndani ya kasha moja, ya nne haikuweza kubadilishwa peke yake, na betri nzima ilipelekwa kwa wanaorejeleza risasi.

Seli zote zikiwa chini kwa usawa, hadithi ni nyingine: kwanza chaji betri kikamilifu, maana huenda ina njaa tu. Zikibaki chini baada ya chaji ndefu, ama salfeti imekuwa ngumu kwenye mabamba, ama asidi ilimwagika siku za nyuma na nafasi yake ikajazwa maji.

Hapo ndipo wengi hushawishika kuongeza asidi, na mimi nawasihi wasifanye hivyo. Kinachopotea katika matumizi ya kawaida ni maji, yanayopaa na kuvunjwavunjwa na umeme kuwa gesi, asidi hubaki. Asidi ikiongezwa kwenye seli dhaifu, namba ya haidromita hupanda huku ugonjwa ukifichika, na mabamba hulika haraka. Kinachoongezwa ni maji yaliyokenekwa. Maji ya bomba au ya kisima hubeba klorini, chuma na madini mengine yanayoifanya betri ijimalize yenyewe, na kuyachemsha hakuondoi madini hayo, bali huyakoleza.

Ongeza maji baada ya betri kujaa chaji, kwa sababu asidi hupanda inapochajiwa, na seli iliyojazwa mapema hufurika na kupoteza asidi yake halisi. Kitu kimoja hubadili mpangilio huo: ukikuta mabamba yamebaki wazi, weka maji ya kuyafunika tu, chaji, kisha malizia. Kikomo ni alama iliyo kwenye kasha, au pasipo alama, milimita 10 hadi 15 juu ya mabamba. Tumia faneli ya plastiki na usome maandishi ya chupa kabla ya kumimina, maana chupa ya asidi na ya maji huweza kufanana. Seli zote zikikauka upesi, chunguza volti ya chaja. Ikikauka moja tu, tafuta ufa kwenye kasha.

Asidi ikimwagika sakafuni, nyunyizia bikaboneti ya sodiamu hadi mapovu yaishe, kisha osha kwa maji mengi. Ikigusa ngozi, vua nguo iliyolowa na mwagia maji yanayotiririka kwa dakika zisizopungua 15. Ikiingia jichoni, usitie bikaboneti wala dawa yoyote: fungua kope kwa vidole, acha maji safi yapite kwa dakika 20 au zaidi, na uende kwa daktari hata kama maumivu yamepungua.