Vita vya umeme au vita vya radi?

*Shikamoo mwalimu. Natafsiri makala ya historia ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia na nimekwama kwenye neno "blitzkrieg". Wengine huandika "vita vya umeme", wengine "vita vya radi". Nichukue lipi? Na nikieleza kuwa ni mbinu ya Wajerumani ya kupigana kwa vifaru, nitakuwa sahihi? (Mtafsiri, Morogoro)*

Marahaba. Chukua radi. Kwa Kijerumani, Blitz ni ule mwako unaopasua wingu, na Krieg ni vita, kwa hiyo "umeme" si kosa. Wazee wetu walikuwa na umeme wa mawinguni muda mrefu kabla ya nguzo na mita. Tatizo ni kwamba msomaji wa leo akikuta "vita vya umeme" huwaza nyaya kwanza. Radi haina utata huo, tena ina pigo ndani yake: umeme humulika, radi hupiga. Na iwe "vita vya", usiniletee "vita ya".

Swali lako la pili ndilo lenye kazi, kwa sababu maelezo hayo yana matatizo mawili: "vifaru" na "mbinu".

Nianze na vifaru. Divisheni ya vifaru ya Kijerumani haikuwa kundi la vifaru peke yake. Ndani yake mlikuwa na askari wa miguu waliosafirishwa kwa malori na pikipiki, mizinga, wahandisi wenye mitumbwi ya mpira na vipande vya daraja, na watu wa redio. Ndege zilishirikiana nayo kutoka juu. Kwa jambo hili Waingereza wana istilahi ambayo ukiitafsiri neno kwa neno utapata "silaha zilizounganishwa", na msomaji wako atadhani ni bunduki iliyochomekwa singe. Kumbe "silaha" hapo ni matawi ya jeshi. Mimi husema "vikosi mseto". Mseto wa jikoni ni mchele na choroko katika chungu kimoja, na sote tumezoea serikali ya mseto. Msomaji ataelewa bila maelezo ya pembeni.

Umuhimu wa mseto ulionekana mapema. Tarehe 8 na 9 Septemba 1939, Divisheni ya 4 ya vifaru ilijaribu kuingia Warszawa, mji mkuu wa Polandi, kwa haraka. Katika mitaa ya mji, kifaru kisichokuwa na askari wa miguu wa kutosha hakioni pembeni wala nyuma. Ilipoteza vifaru vingi ikarudi, na mji ukazingirwa kwa njia ya zamani hadi uliposalimu amri.

Sasa tazama Sedan, mji wa Ufaransa kwenye mto Meuse, tarehe 13 Mei 1940. Hapa ndipo wengi husema vita vya radi vilizaliwa. Jenerali Guderian wa Ujerumani alikuwa amefika na divisheni tatu za vifaru baada ya kupita misitu ya Ardennes, ambako Wafaransa hawakutarajia jeshi kubwa lipite upesi. Lakini vifaru haviogelei. Kwa saa nyingi ndege zilishambulia ng'ambo ya mto. Mabomu hayo yalibomoa ngome chache tu za zege. Kazi yake kubwa ilikuwa kukata nyaya za simu na kuwavunja moyo watu waliokuwa ndani. Mnamo saa kumi alasiri, askari wa miguu na wahandisi wakavuka kwa mitumbwi ya mpira, wakazisafisha ngome moja baada ya nyingine. Jioni, wapiga mizinga wa Kifaransa katika kijiji cha Bulson, kusini mwa Sedan, walisikia uvumi kwamba vifaru vimeshafika, wakaacha mizinga yao wakakimbia. Wakati huo hakuna kifaru hata kimoja cha Kijerumani kilichokuwa kimevuka mto. Vilikuja baadaye, daraja la maboya lilipokamilika usiku.

Ukitafsiri habari za siku hiyo kwa kuandika "vifaru vilivunja ngome za Sedan", umeandika uvumi wa Bulson. Andika kwamba vikosi mseto vilivuka na vifaru vikapenya. "Kupenya" ni kitenzi kizuri hapa kwa sababu hakisemi kubomoa kila kitu; sindano hupenya, nguo ikabaki.

Tatizo la pili ni "mbinu". Mbinu hupangwa, hufundishwa na kupewa jina na wenyewe. Neno hili liliwahi kuonekana katika majarida ya kijeshi ya Kijerumani miaka ya 1930, lakini halikuwa istilahi rasmi ya mafunzo. Waliloliamini ni jambo la zamani: kusonga haraka, kuzingira, na kumwachia kamanda wa chini aamue namna ya kutimiza agizo. Umaarufu wa neno lenyewe uliletwa na magazeti ya nchi za nje, hasa jarida la Kimarekani la Time la Septemba 1939, lilipokuwa likieleza habari za Polandi. Hitler mwenyewe alisema Novemba 1941 kwamba hajawahi kulitumia kwa kuwa ni neno la kipumbavu. Wakati huo, bila shaka, radi yake ilikuwa ikizama katika matope ya Urusi.

Na baada ya Sedan wakubwa walikuwa na hofu kuliko askari. Guderian aligeukia magharibi kuelekea baharini, na tarehe 17 Mei mkuu wake, Kleist, akamwamuru asimame. Guderian akaomba kuachishwa uongozi. Suluhu iliyopatikana ni kwamba aruhusiwe "upelelezi wa nguvu", naye akaufanya upelelezi huo kwa kutumia karibu kila alichokuwa nacho. Tarehe 20 Mei vifaru vyake vilifika Abbeville, karibu kabisa na pwani. Tarehe 24 amri ya kusimama ikatoka tena, safari hii ikiwa na kibali cha Hitler, na kutoka bandari ya Dunkirk Washirika wakaokoa askari wapatao 338,000. Mbinu gani hiyo ambayo wenye nayo wanaivuta breki kila inapofanikiwa?

Picha ya jeshi zima la chuma nayo ipunguze. Katika divisheni zipatazo 135 za Kijerumani upande wa magharibi, za vifaru zilikuwa 10 tu. Waliobaki, karibu wote, walitembea kwa miguu, na mizigo yao ilivutwa na farasi. Ufaransa na washirika wake walikuwa na vifaru vingi zaidi, na baadhi vilikuwa na deraya nene zaidi. Wajerumani walizidi kwa kuvikusanya mahali pamoja na kuviwekea redio.

Hata chapa za baadaye zina mkono wa mtu. Kumbukumbu za Guderian zilipotafsiriwa kwa Kiingereza, ziliongezwa aya inayomshukuru mwandishi mmoja Mwingereza kuwa ndiye chanzo cha fikra zake, baada ya mwandishi huyo kumwomba. Katika toleo la Kijerumani aya hiyo haipo. Wewe mtafsiri, hiyo iweke akilini.

Kwa makala yako ningeandika hivi: "kampeni ya haraka ya vikosi mseto, ambayo magazeti yaliiita vita vya radi". Alama za mtajo ziweke mara ya kwanza tu. Na ukikuta Waingereza wakiandika Blitz peke yake, si jambo hili tena. Hapo wanazungumzia mabomu yaliyoangushwa London na miji mingine mwaka 1940 na 1941, na hakukuwa na kifaru hata kimoja.