Runinga ya setilaiti: nguvu ipo, ubora sifuri

Swali: "Nimehamia Ujerumani mwezi huu, TV yangu ina tuna ya setilaiti ndani kwa ndani. Nikiiacha itafute yenyewe inaleta chaneli nyingi, ila Das Erste na ZDF hazipo. Nimeingiza kwa mkono 11836 na 27500 nilizopata kwenye orodha moja, inaonyesha nguvu 80% lakini ubora 0. Nakosea wapi?"

Ndugu, namba ulizopewa ni za zamani. Hapo 11836 ndipo Das Erste ilipokuwa kwa picha ya kawaida, na ARD waliizima tarehe 7 Januari 2025. Sasa inapatikana kwa HD peke yake. Futa hizo, weka 11494, mlalo (H), 22000. Kwa ZDF HD weka 11362, mlalo, 22000. Zote zinatoka Astra 19.2E, kwa hiyo kabla ya kuingiza chochote hakikisha jina la setilaiti kwenye menyu ni hilo.

Ile 80% isikudanganye. Kipimo cha nguvu kinahesabu kila kitu kinachoshuka kwenye waya, hata makelele ya LNB yenyewe, yaani kile kichwa kilicho mbele ya ungo. Cha kutazama ni ubora. Ubora ukiwa sifuri maana yake TV inasikia sauti bila kuelewa neno. Na hapo ile namba ya pili, "Symbol Rate", ndiyo yenye lawama mara nyingi. Inaiambia TV alama ngapi zinapita kwa sekunde: 22000 ni milioni 22, 27500 ni milioni 27 na nusu. Ukikosea masafa, ile namba ya kwanza, kwa megahezi moja au mbili, TV nyingi zitajisogeza zenyewe na kukamata. Ukiweka 27500 mahali pa 22000, haikamati kabisa, hata ungo uwe umelenga sawasawa.

Sasa, kama umeweka namba sahihi na ubora bado ni sifuri, soma kisa changu, maana nilikaa wiki mbili nikilaumu TV isiyo na kosa.

Nyumba yetu hapa ni ghorofa, ungo mmoja upo juu ya paa na wapangaji wote wanautumia. Nilikuwa na hali kama yako: chaneli mamia, lakini Das Erste na ZDF hakuna. Niliirudisha TV kwenye mipangilio ya kiwandani mara tatu, nikanunua waya mpya, wapi. Kilichonisaidia ni kuelewa kwamba LNB haitumi kila kitu kwa pamoja. Imegawa matangazo katika mafungu manne, na TV huchagua fungu kwa kutuma umeme kupitia waya uleule: volti 13 kuomba wima (V), volti 18 kuomba mlalo. Kisha masafa yakizidi 11700, inaongeza mlio wa kilohezi 22 kuomba bendi ya juu. Ukiingiza namba kwa mkono, TV inatuma ombi la fungu moja tu. Ndiyo sababu kuskani kwa mkono ni kipimo kizuri kuliko kuiacha itafute yenyewe: unajua umegonga mlango gani.

Mimi niliandika namba nne kwenye karatasi, moja kwa kila fungu:

```
11347  V  22000   (chini, wima)
11494  H  22000   (chini, mlalo)
12480  V  27500   (juu, wima)
12188  H  27500   (juu, mlalo)
```

Ya kwanza ina 3sat HD na KiKA HD. Ya mwisho ndiko RTL ya picha ya kawaida ilikokaa miaka mingi. Niliziingiza moja moja, na kila mara nikisubiri kama sekunde tano kipimo kitulie kabla ya kubonyeza kuskani. 11347 ikakamata, ubora ukapanda juu. 12480 ikakamata. 12188 ikakamata. 11494: nguvu ipo, ubora sifuri.

Tazama matokeo hayo vizuri. Laiti ningekosa mlalo yote, ya chini na ya juu, ningejua volti 18 hazifiki: waya umeoza, au TV haitoi umeme ("LNB Power" imezimwa au ni dhaifu). Laiti ningekosa bendi ya juu yote, ningekagua mlio wa kilohezi 22 na masafa ya LNB, ambayo kwa aina ya kawaida hapa ni 9750 na 10600. Lakini mlalo ya juu ilikamata, kwa hiyo volti 18 zilikuwa zinafika. Wima ya chini ilikamata, kwa hiyo bendi ya chini ilikuwa hai. Lilikufa fungu moja tu, na hilo TV yangu haiwezi kuliua peke yake.

Kwenye majengo ya namna hii kutoka kwenye ungo zinashuka waya nne, kila fungu na waya wake, zinaingia kwenye kisanduku cha kugawia wapangaji. Nilimwandikia msimamizi wa jengo hizo namba nne na matokeo yake. Tukapanda naye darini. Waya mmoja ulikuwa umeshikwa na nati tu, na ile sindano ya shaba ya katikati ilikuwa imegeuka kijani na kuvunjika ikabaki fupi, haigusi ndani. Akaukata sentimita chache, akavika kichwa kipya, akakaza. Niliposhuka 11494 ilikamata mara moja. Jirani wa ghorofa ya pili naye alikuwa akidhani TV yake ndiyo mbovu.

Kuna jambo moja kuhusu 12480. TV haipokei masafa hayo yenyewe. LNB inayashusha kwanza kwa kutoa 10600, yanabaki 1880. Hapo ndipo zinapoanza simu za mezani zisizo na waya za huku Ulaya, 1880 hadi 1900. Kama hiyo peke yake ndiyo inayogoma na kitako cha simu kipo karibu na TV, kichomoe kwanza ujaribu tena, na tazama kama waya wako ni ule mwembamba wa bei rahisi.

Zikikataa zote nne, angalia tundu la ukutani. La setilaiti ni lile lenye nyuzi za kukazia; mengine mawili ni ya antena na redio. Kama tundu ni sahihi, muulize msimamizi kama jengo linatumia Unicable. Huko kila mpangaji hupewa namba yake ya njia na masafa yake, na usipoviweka kwenye menyu ya TV hakuna kitakachokamata.

Na kwa wanaotaka kutuma namba hizi nyumbani: Astra 19.2E imelenga Ulaya, ungo wa Tanga au Mombasa hautazipata. Njia ya kugawa mafungu manne inafaa popote penye LNB ya aina hii, ila namba zitoke kwenye setilaiti inayofika kwenu.

Jaribu kwanza 11494. Ikigoma, piga zote nne, uandike hapa ipi imekamata na ipi haikukamata.